Mwezi Nje ya Mipaka: Chati ya Mtoto Aliyezaliwa Unguja Tarehe 5 Septemba 1946

Watu wengi wanaosoma nyota huitazama chati ya kuzaliwa kwa upande mmoja tu: sayari ipo kwenye nyota gani, Mshale au Mbuzi au Ndoo, na kwenye digrii ya ngapi. Kipimo hicho kinahesabiwa kwa kuizunguka njia ya Jua. Kipo kipimo cha pili ambacho chati ya duara haikionyeshi kabisa, nacho ni umbali wa sayari kaskazini au kusini ya ikweta ya anga. Nitakiita mwinamo. Kama vile mji wa Zanzibar ulivyo takriban digrii 6 kusini ya ikweta ya dunia, ndivyo sayari inavyoweza kuwa digrii 6, 15 au 25 kusini ya ikweta ya anga, ambayo ni ikweta yetu hii hii iliyopanuliwa hadi ikagusa nyota.

Jua lenyewe lina mipaka katika kipimo hiki. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama, Jua hupanda kaskazini hadi digrii 23 na dakika 26 mwezi Juni, kisha hugeuka, likateremka hadi digrii 23 na dakika 26 kusini mwezi Desemba, na hapo hugeuka tena. Halizidishi hata dakika moja. Sayari nyingine na Mwezi hazifuati njia ya Jua barabara, kwani kila kimoja kina njia yake iliyopinda kidogo, na kwa hiyo baadhi yao huweza kuuvuka mpaka huo. Zuhura huvuka sana: mwezi Mei 2020 ilikaribia digrii 28 kaskazini. Mirihi ilipita digrii 26 kusini mwezi Agosti 2018. Sayari iliyovuka namna hiyo huitwa sayari iliyo nje ya mipaka, jina lililoenezwa na mnajimu Mmarekani Kt Boehrer katika miaka ya 1990. Tafsiri inayotolewa ni kwamba sayari hiyo hufanya kazi yake kwa kupita kiasi au kwa njia isiyo ya kawaida, kwa sababu imetoka katika eneo ambalo Jua, lenye mamlaka juu ya zote, hulifikia.

Nataka kuzungumzia Mwezi peke yake, kwa sababu ndio unaovuka mara nyingi kuliko vyote, na pia ndio unaosomwa vibaya kuliko vyote. Na nitautazama katika chati ya mtu mmoja ambaye siku yake ya kuzaliwa inajulikana, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Freddie Mercury.

Kwanza tuelewe Mwezi unavyovuka. Njia ya Mwezi imepinda kwa digrii 5 na ushei kutoka njia ya Jua, na zile nukta mbili ambapo njia hizo hukatana, ambazo wanajimu wa kale waliziita Kichwa na Mkia wa Joka, hazikai mahali pamoja. Hurudi nyuma polepole na kumaliza duara zima kwa miaka 18 na miezi 7 hivi. Kichwa kinapokuwa karibu na mwanzo wa nyota ya Punda, zile digrii 5 hujumlishwa juu ya digrii 23 za Jua, na Mwezi hufika zaidi ya digrii 28 kaskazini, kisha wiki mbili baadaye zaidi ya digrii 28 kusini. Kichwa kinapokuwa upande wa pili, karibu na mwanzo wa Mizani, digrii hizo hutolewa, na Mwezi hauzidi digrii 18 na nusu kwa mwezi mzima. Mara ya mwisho Mwezi kufika kilele ilikuwa kati ya 2024 na 2025, na kabla ya hapo 2006, 1987 na 1969. Mara ya mwisho kuwa katika kiwango cha chini ilikuwa 2015, na kabla yake 1997.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni moja ambayo ningependa kila anayesoma chati aishike kabla hajafungua programu yoyote. Katika kila mzunguko, Mwezi huweza kuvuka mpaka kwa takriban miaka 10 mfululizo, na kwa miaka 8 au 9 inayobaki hauvuki kabisa, hata kwa saa moja. Mtu aliyezaliwa kati ya 1995 na 2000 hawezi kuwa na Mwezi nje ya mipaka. Aliyezaliwa kati ya 2013 na 2018 hawezi pia. Akikutana na mtu anayemwambia kwamba anao, basi kuna namba iliyosomwa vibaya, na mara nyingi kosa ni lile lile: jedwali la programu huwa na safu ya latitudo, ambayo ni umbali kutoka njia ya Jua, na safu ya mwinamo, iliyoandikwa "Decl.", na mtu amechanganya hizo mbili. Kosa jingine ni la dakika. Namba 23.44 ya desimali ni sawa na digrii 23 na dakika 26, wala si digrii 23 na dakika 44, na kwa Mwezi uliovuka kwa kidogo tofauti hiyo hubadilisha jibu lote.

Jambo hili huonekana pia kwa macho. Pwani ya magharibi ya Unguja, Desemba Jua linapozama mwisho wake wa kusini, niliweka alama ya mahali linapoingilia baharini kwa kulinganisha na mnazi uliopinda ufukweni. Mwezi mpevu wa Juni hupita kusini kama Jua la Desemba linavyopita, na alfajiri huzama upande huo huo. Juni 2025, Mwezi ukiwa karibu na kilele cha mzunguko wake, ulishuka baharini kushoto kabisa mwa alama ile, kwa upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, ambao ni kama digrii 5. Hakuna siku yoyote ya mwaka ambayo Jua hufika pale. Anayetaka kuelewa wanajimu wanamaanisha nini wanaposema kwamba Mwezi umetoka nje ya eneo la Jua atazame hilo, kwa sababu nafasi ile kati ya alama na Mwezi ndiyo hasa inayozungumzwa.

Sasa turudi 1946. Kichwa cha Joka siku ile kilikuwa katika digrii ya 16 ya Mapacha, yaani kilikuwa bado na safari ya karibu miaka minne kufika kwenye Punda. Tulikuwa mwanzoni mwa kile kipindi cha miaka 10, na kikomo cha Mwezi mwezi ule kilikuwa digrii 25 na dakika chache. Kwa hiyo kuvuka kuliwezekana, ingawa kwa digrii moja na nusu tu na si kwa 5. Inabaki kujua kama Mwezi ulikuwa mahali pake pa kuvukia siku yenyewe.

Saa ya kuzaliwa kwake inayotajwa mara nyingi ni alfajiri, saa kumi na moja na dakika kumi. Mwinamo hupatikana kwa kanuni hii, ambamo `δ` ni mwinamo wenyewe, `β` ni latitudo ya Mwezi, `λ` ni mahali pake kwenye njia ya Jua kuanzia mwanzo wa Punda, na `ε` ni kiasi ambacho dunia imeinama:

```
sin δ = sin β · cos ε + cos β · sin ε · sin λ
```

Kwa saa hiyo Mwezi ulikuwa digrii ya 28 ya Mshale, ambayo ni digrii 268 kutoka mwanzo wa Punda. Latitudo yake ilikuwa chini kidogo ya digrii 1 kusini, tuseme dakika 58. Dunia mwaka ule ilikuwa imeinama kwa digrii 23 na dakika 27, kwani kiasi hicho hupungua polepole sana. Ukiingiza namba hizo, sehemu ya kwanza ya kanuni hutoa -0.0155 na sehemu ya pili hutoa -0.3976. Jumla ni -0.4131, na pembe yenye sini hiyo ni digrii 24 na dakika 24 kusini. Mpaka ulikuwa 23 na dakika 27. Mwezi ulikuwa umevuka kwa dakika 57, karibu digrii nzima.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu wale wanaotumia nyota za Kihindi, na wapo wengi katika mwambao wetu. Mabishano kati ya mfumo wa Kihindi na ule wa Magharibi juu ya mahali zinapoanzia nyota hayaugusi mwinamo hata kidogo. Mwinamo hupimwa kutoka ikweta, na ikweta ni ile ile kwa wote. Lakini kanuni niliyoandika hapo juu inataka digrii zihesabiwe kuanzia mahali Jua linapoikata ikweta mwezi Machi. Anayechukua digrii za Kihindi na kuziingiza humo, ambazo kwa mwaka 1946 zilikuwa nyuma kwa takriban digrii 23, atapata takriban digrii 22 na dakika 5 kwa chati hii hii. Atasema Mwezi uko ndani ya mipaka, na atakuwa amekosea, ingawa kila hatua ya hesabu yake itakuwa imeandikwa sawasawa. Dalili ya kosa ni kwamba jibu lake halitalingana na safu ya mwinamo katika jedwali lolote la anga, la wanajimu au la wanafalaki.

Saa ya kuzaliwa ndiyo inayosumbua chati nyingi za watu mashuhuri, kwa sababu mara nyingi haina karatasi ya kuithibitisha. Nilichopendea mfano huu ni kwamba hapa hatuitegemei. Siku ile ilipoanza, usiku wa manane kwa saa za Zanzibar, Mwezi ulikuwa tayari katika digrii 24 na dakika 7 kusini. Ilipomalizika ulikuwa umekaribia digrii 25. Yeyote aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, asubuhi, adhuhuri au usiku, ana Mwezi nje ya mipaka. Kitu tusichoweza kusema bila saa ya hakika ni nyumba ya chati ambamo Mwezi uliangukia, na kwa hiyo sitaigusa nyumba yoyote.

Tafsiri sasa. Mwezi katika unajimu ni mwenye dhamana ya mambo ya ndani: hisia, mama, nyumbani, kinachompa mtu utulivu, mahali anapojiona ni pake. Katika unajimu wa mambo ya umma, Mwezi pia ni watu wengi, ule umati wenyewe. Ukiwa nje ya mipaka, wanaotumia kipimo hiki husema kwamba hisia hazipati mizani ya kawaida, na mtu huwa na hisia nyingi kuliko chombo cha kuzibebea, au huzificha kabisa na kuzitoa mahali pasipotarajiwa. Husema pia kwamba makao yake hayafanani na ya wengine, na kwamba anaweza kuwa na uwezo wa kuugusa umma ambao haufundishiki. Si sifa nzuri wala mbaya. Ni suala la kiasi.

Maisha ya Bulsara yanajulikana vya kutosha. Alizaliwa katika familia ya Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, baba akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Akiwa na umri wa takriban miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi Unguja akiwa kijana, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja familia iliondoka na kuhamia Feltham, karibu na London. Kundi la muziki la Queen lilianza 1970, na jina la Mercury alilichukua wakati huo. Waliomjua walimweleza kuwa mtu mwenye haya, aliyepima sana maneno yake mbele ya wageni, na hali jukwaani alikuwa mtu mwingine kabisa. Tarehe 13 Julai 1985, uwanjani Wembley, katika onyesho la dakika ishirini na kidogo, alisimama mbele ya watu 72,000 hivi, akawa anatoa sauti bila maneno nao wanamrudishia, sauti baada ya sauti, na umati ule wote ukamfuata kama wanakwaya waliofanya mazoezi.

Ni rahisi mno kuchukua orodha hiyo na kuigonga muhuri wa Mwezi nje ya mipaka. Mtoto aliyelelewa mbali na mama, kijana aliyehama nchi, mwenye haya aliyegeuka moto jukwaani: kila kimoja kinaonekana kuingia. Mimi nasita hapo, kwa sababu mbili, na zote mbili naona zina uzito kuliko tafsiri yenyewe.

Sababu ya kwanza ni nyota ya Mshale. Mwezi katika Mshale, hata ungekuwa ndani ya mipaka kabisa, husomwa kama nyumbani palipo mbali, moyo unaopenda safari, elimu ya ugenini, hisia zinazotoka nje kwa moto. Panchgani na Feltham tayari zimeshaelezwa na Mshale. Ukikipa kipimo cha mwinamo sifa ya mambo hayo, umekipa kazi iliyokwisha kufanywa na mwingine. Mwinamo unapaswa kuongeza kitu ambacho nyota peke yake haikukisema, ama sivyo hauna sababu ya kutajwa. Katika maisha haya, kitu pekee ninachoona kinabaki baada ya kuiondoa Mshale ni ule umbali kati ya mtu wa faragha na mtu wa jukwaani. Mshale ni mwenye uwazi, na kwa kawaida hatuutarajii kugawanyika hivyo. Mtu ambaye hisia zake hazikupata nafasi katika mazungumzo ya watu watatu, zikapata nafasi mbele ya 72,000, huyo anafanana na ile tafsiri ya hisia zilizokosa kiasi cha kati. Na Mwezi ukiwa ndio umati, basi tukio la Wembley ni mahali ambapo maana mbili za Mwezi zilikutana kwa kiwango kisicho cha kawaida. Hapo nakubali kuutaja mwinamo.

Sababu ya pili ni idadi. Mwezi uliokuwa na kikomo cha digrii 25 hukaa nje ya mipaka takriban siku 6 katika kila siku 27, siku 3 kaskazini na siku 3 kusini. Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano waliozaliwa ulimwenguni mwezi ule wanao Mwezi wa namna hii. Katika miaka ya kilele, kama 1969, 1987, 2006 na 2025, huwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Jambo linalompata mtu mmoja kati ya watatu haliwezi kuitwa la ajabu, na msomaji wa chati anayemwambia mteja aliyezaliwa 1987 kwamba ni mtu wa pekee kwa sababu hiyo anamdanganya bila kujua. Wakunga wa Unguja waliopokea watoto wengine tarehe 5 Septemba 1946 walipokea Mwezi ule ule, na wengi wa watoto hao waliishi maisha ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo kiasi cha kuvuka kina maana kuliko kule kuvuka tu. Mwezi uliozidi mpaka kwa dakika 3 siupi uzito wowote, kwa kuwa kosa la nusu saa katika saa ya kuzaliwa linaweza kuurudisha ndani. Mwezi unapovuka kwa digrii 4 au 5, kama ulivyofanya kila mwezi katika 2025, mtoto aliyezaliwa siku ya kilele yuko katika hali tofauti na aliyezaliwa siku moja na nusu kabla, ingawa programu itawaandikia alama ile ile. Bulsara yuko katikati, akiwa karibu digrii 1 nje katika mwezi ambao kikomo kilikuwa digrii 1 na nusu. Alikuwa amevuka kwa sehemu kubwa ya kile kilichowezekana wakati ule. Ningeutaja Mwezi wake, na ningeupa sentensi moja ndani ya chati nzima.

Nakutana pia na tafsiri inayosema kwamba Mwezi nje ya mipaka ni mtu aliyekata mizizi, na mara nyingi hutolewa kwa huyu huyu, kwa kuwa hakupenda kuzungumzia Unguja hadharani na alilibadili jina lake. Siikubali. Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba alikuwa na UKIMWI, na mazishi yake yaliongozwa kwa ibada ya Kizoroasta, dini ya wazazi wake. Mtu aliyekata mizizi haagwi hivyo. Kilichokuwa nje ya kawaida ni namna mizizi hiyo ilivyotunzwa, mbali na macho ya watu hadi siku ya mwisho. Nadhani tofauti hii kati ya kukosa kitu na kuwa nacho kwa njia isiyozoeleka ndiyo inayopotezwa zaidi katika maandishi ya kipimo hiki. Sayari iliyovuka mpaka haijaacha kuwa sayari hiyo, na Mwezi wa digrii 24 bado ni Mwezi.

Na kwa kuwa jina lake lenyewe lilikuwa la sayari, wapo wanaodhani Utaridi ndiyo iliyokuwa nje. Haikuwezekana. Utaridi haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 28, na Septemba Jua linakaribia ikweta. Utaridi huvuka mpaka Jua linapokuwa karibu na mwisho wake wa kaskazini au wa kusini, yaani katika miezi inayozunguka Juni na Desemba.

Kuna hatua moja zaidi ambayo wanaotumia mwinamo huipenda, nayo ni kuusogeza Mwezi wa kuzaliwa kwa kuhesabu kila siku baada ya kuzaliwa kama mwaka mmoja wa maisha. Kwa njia hiyo Mwezi hutoka nje ya mipaka kwa miaka 3 hivi, huingia ndani kwa miaka 10 au 11, kisha hutoka tena upande wa pili. Katika chati hii, Mwezi uliosogezwa uliingia ndani mtoto akiwa na umri wa karibu miaka 3. Ulirudi kwenye anga ile ile ya kusini ulipokuwa wakati wa kuzaliwa baada ya siku 27 na ushei, na hizo ni miaka ya maisha kuanzia umri wa 26 au 27 hadi 30, takriban 1973 hadi 1976. Albamu ya kwanza ya Queen ilitoka Julai 1973, na kufikia mwisho wa 1975 kundi lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza Uingereza.

Inaingia vizuri, na nimeona watu wakiishia hapo kwa furaha. Lakini hapa ndipo saa ya kuzaliwa, ambayo hatukuihitaji kwa mwinamo wa siku, inapodai haki yake: kosa la saa 12 katika saa ya kuzaliwa huusogeza mwaka huo kwa miezi 6, mbele au nyuma. Tena kipindi hicho cha kusini kina mwenzake wa kaskazini, karibu na umri wa miaka 13 hadi 16, alipokuwa bado shuleni Panchgani, akipiga piano katika bendi ya wanafunzi. Anayedai kwamba Mwezi ulimtoa duniani 1973 anapaswa kueleza ulifanya nini kuanzia 1959 hadi 1962, na asichague kile kipindi tu kilichokuwa na magazeti ya kukiandika.